Slaidi sita za Lipa Namba: kila slaidi na mguso wake mmoja

Kazi yangu ni kutunga maneno na michoro ya maelekezo ndani ya programu za simu, na ninaifanya nikiwa hapa Tanga, ambako wengi wa ninaowaandikia wamezizoea pesa za simu tangu zilipoanza nchini mwaka 2008. Wanajua kutuma, kutoa kwa wakala, kununua umeme na kulipia king'amuzi, na wengi wao hufanya hayo yote kwa kupiga menyu ya nyota, iwe *150*00#, *150*01# au *150*60#, kila mmoja na mtandao wake. Kilicho kigeni kwao ni programu yenyewe iliyopakuliwa kwenye simu janja. Kwa hiyo ninapoandika hapa "mtumiaji mpya", simaanishi mtu asiyejua pesa za simu. Ninamaanisha mtu anayezijua vizuri sana kwa njia moja, ambaye sasa anaingia njia nyingine akiwa na mazoea yake yote, na sehemu kubwa ya kazi ya slaidi ni kukutana na mazoea hayo.

Nimechagua kueleza huduma moja tu, yaani kumlipa muuzaji kwa Lipa Namba, kwa sababu ndiyo inayomlazimu mtu kufungua programu akiwa amesimama mbele ya anayesubiri pesa. Anayetuma pesa kwa ndugu akiwa nyumbani anaweza kusoma, kurudi nyuma na kuanza upya bila mtu kumtazama. Aliyesimama mbele ya meza ya samaki pale Deep Sea, mfuko umeshafungwa na wateja wengine wako nyuma yake, hana nafasi hiyo, na akikwama hata kidogo hurudi kwenye menyu ya nyota au hutoa noti mfukoni, na programu haifungui tena kwa wiki kadhaa.

Mlolongo wa slaidi ninaouzungumzia ni ule unaojitokeza mara ya kwanza mtu anapoigusa sehemu ya malipo: mchoro wa skrini, sentensi moja au mbili chini yake, na vitone vidogo vinavyoonyesha amefika wapi. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba kila slaidi ifundishe kubonyeza mahali pamoja tu, na kubonyeza huko huko ndiko kumpeleke mtu kwenye slaidi inayofuata. Haya mawili huonekana kama jambo moja, lakini timu nyingi hutekeleza la kwanza na kulisahau la pili. Huchora skrini yenye kitufe cha "Lipa", kisha chini ya mchoro huweka kitufe kingine cha kweli kilichoandikwa "Mbele". Mtu anayesoma "Bonyeza Lipa" hubonyeza Lipa iliyochorwa, na hakuna kinachotokea kwa sababu ile ni picha. Hubonyeza tena kwa nguvu zaidi, halafu huamua kwamba simu imeganda. Hajakosea chochote, kwani amefanya kile kile alichoambiwa na sentensi.

Ukikaa karibu na mtu na kumwachia simu bila kumsaidia utaliona jambo hili mapema sana. Kidole huenda kwenye mchoro kabla jicho halijamaliza sentensi. Basi mchoro uwe hai: kitufe kilichochorwa kipokee mguso, kibadilike rangi kama kitufe halisi kinavyobadilika, kisha slaidi isogee. Sehemu nyingine ya mchoro ikiguswa, kitufe kinachotakiwa kipigwe duara ili kidole kielekezwe, bila maneno ya kumlaumu mtu. Wala slaidi isisogee yenyewe kwa kuhesabu sekunde, kwa sababu mtu anayesoma polepole, au aliyeitwa na mteja katikati ya sentensi, hurudi na kukuta somo limempita.

Njia hii ina gharama yake, na ninaieleza mapema kwa sababu inaathiri slaidi zote sita. Mchoro ulio hai unafanana mno na malipo ya kweli. Niliwahi kuketi na mama mmoja anayeuza vibua pale Deep Sea, ambaye alikubali kunipa dakika chache wateja walipopungua. Baada ya shikamoo na marahaba nilimpa simu, nikamwomba anunue kilo moja ya ngisi kwa jirani yake kwa kufuata slaidi. Alifuta vidole kwenye kanga, maana kioo hakisomi vizuri kidole chenye maji, akagusa kila kitufe bila kusita hadi mwisho. Kisha akamgeukia jirani yake akasema, "Angalia simu yako, nimeshakutumia." Jirani akaangalia, hakuna kitu. Yule mama akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hela yangu imekwenda wapi?"

Hela yake ilikuwa salama, kwa kuwa hakukuwa na muamala wowote. Lakini swali lake lilikuwa la haki kabisa. Ndiyo sababu mlolongo wowote wa namna hii unahitaji utepe juu ya kila slaidi, wenye rangi isiyotumika kokote kwingine ndani ya programu, ulioandikwa: "Haya ni mazoezi. Hakuna pesa inayotoka." Ukiandikwa kwenye slaidi ya kwanza peke yake hautoshi, kwa sababu ifikapo slaidi ya nne akili ya mtu iko kwenye malipo, na alichokisoma mwanzoni kimeshatoka kichwani. Na slaidi ya mwisho isiwe na alama kubwa ya kijani ya kufanikiwa. Alama hiyo ibaki kwa malipo ya kweli peke yake.

Sasa niziangalie slaidi zenyewe, kwa mfano wa mnunuzi anayelipa shilingi 16,000 kwa kilo mbili za vibua.

Slaidi ya kwanza ni fupi. Mchoro unaonyesha ukurasa wa mwanzo wenye vitufe vyake vyote, lakini vyote vimefifizwa isipokuwa kimoja. Sentensi inasema: "Bonyeza Lipa Namba." Hapa ndipo mazoea ya menyu ya nyota yanapojitokeza, kwani kule kila hatua huja na orodha yenye namba na mahali pa kujibu. Mtu aliyeizoea orodha hiyo hutafuta pa kuandika 4 au 5, na asipopaona huuliza ajibu namba gani. Kufifiza vitufe vingine humaliza swali hilo bila maelezo. Sioni haja ya kuongeza sentensi ya kumkaribisha mtu au kumweleza faida za programu. Tayari ameshaifungua na ana samaki wa kulipia.

Slaidi ya pili ni ya kuingiza namba ya muuzaji, na ina ugumu unaoishinda kanuni yenyewe ya mguso mmoja, kwa sababu kuandika namba ni miguso mingi. Suluhisho langu ni kumwachia mtu mguso mmoja tu wenye uzito. Akigusa kisanduku, namba ya mfano inajiandika yenyewe, tarakimu moja baada ya nyingine, na kitufe cha "Endelea" kinawaka, kisha slaidi inasogea. Maneno yake ni haya: "Gusa hapa, kisha andika namba iliyobandikwa mezani kwa muuzaji. Usiandike namba yake ya simu." Sentensi hiyo ya pili inastahili nafasi yake. Lipa Namba si namba ya simu. Ni namba ya biashara yenye tarakimu chache zaidi, isiyoanza na 06 wala 07. Mtu akiingiza namba ya simu kwenye kisanduku hiki, programu nzuri humkatalia. Lakini akiona amekataliwa huenda upande wa kutuma pesa kwa namba ya kawaida, ambako makato yake ni mengine na pesa huingia kwenye akaunti binafsi ya muuzaji, nje ya hesabu ya biashara yake.

Namba ya mfano inayoandikwa kwenye slaidi hii isibuniwe na mchoraji. Tarakimu zozote zinazoonekana za kubahatisha zinaweza kuwa namba halisi ya muuzaji fulani wa Korogwe au Mbeya, na katika maelfu ya watu wanaoisoma slaidi, wapo watakaoinakili kama ilivyo kwenye malipo ya kweli. Njia ya uhakika ni kuiomba timu ya malipo itenge namba moja ambayo haitapewa mtu yeyote, na mfumo uikatae kila inapoingizwa. Ikishindikana, weka sifuri tupu. Zinaonekana vibaya kwenye mchoro, lakini hazimlipi mtu asiyehusika.

Slaidi ya tatu ni ya kiasi, na ni nyepesi. Mtu anagusa kisanduku, 16,000 inajiandika ikiwa na alama yake ya maelfu, naye anasogea. Alama hiyo ya maelfu ni muhimu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu 16000 na 160000 zikiandikwa bila kutenganishwa hufanana sana kwenye kioo kidogo chini ya jua. Jambo lingine ninalolisisitiza ni kutoandika kiasi chochote cha makato ndani ya slaidi. Wenye biashara hupenda kuandika kwamba kulipa ni nafuu au kwamba makato ni shilingi kadhaa, lakini viwango hubadilika, na slaidi iliyokwishaingia kwenye simu ya mtu inaweza kukaa humo mwaka mzima bila kusasishwa. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, na maelekezo yoyote yaliyokuwa yametaja kiwango yakawa yanapotosha ndani ya miezi michache. Mwonyeshe mtu mstari ulioandikwa "Makato" kwenye skrini na umwambie ausome hapo. Mfumo utaujaza kwa kiwango cha siku hiyo.

Slaidi ya nne ndiyo kiini cha mlolongo mzima, na kama ningeruhusiwa slaidi moja tu, ningeibakiza hii. Kwenye malipo halisi, mfumo ukishapokea namba na kiasi huleta skrini yenye jina la aliyesajili namba hiyo, kiasi kitakacholipwa na makato, pamoja na vitufe viwili, cha kuthibitisha na cha kughairi. Ni nafasi ya mwisho ambayo mtu bado ana pesa yake. Akishapita hapo na kuingiza namba ya siri, pesa inahama papo hapo, na kuirudisha kunahitaji kupiga simu huduma kwa wateja, kutaja kumbukumbu ya muamala na kusubiri. Aliyeipokea akiwa ameshaitoa, mara nyingi hakuna cha kurudisha. Ajabu ni kwamba skrini hii ndiyo inayopitwa haraka kuliko zote, kwa sababu kitufe chake kinakaa palepale "Endelea" ilipokuwa kwenye skrini mbili zilizotangulia, na kidole kimeshazoea mdundo wa kugonga mahali hapo.

Kwa hiyo kwenye slaidi hii ninauvunja mdundo huo makusudi. Mguso unaofundishwa si wa kitufe cha kuthibitisha. Ni wa jina lenyewe. Sentensi inasema: "Soma jina hili kwa sauti. Muuzaji akisema ndiye, liguse." Mtu anapoligusa jina, linakuzwa kwa herufi kubwa, na hapo ndipo slaidi inasogea. Wapo wasanifu walionipinga, wakisema kwenye malipo ya kweli jina halihitaji kuguswa, na kwamba slaidi inafundisha hatua isiyokuwepo. Ninakubali kwamba hatua hiyo haipo. Lakini nia ya slaidi hii ni kukipeleka kidole na jicho mahali ambapo mazoea hayavipeleki, na kumfanya mtu afungue mdomo na kuuliza. Programu ikiruhusu, ni bora zaidi kukiondoa kitufe cha kuthibitisha palipozoeleka na kukisogeza chini ya jina, ili hata siku ya kulipa kweli kidole kilazimike kukitafuta.

Kumwambia mtu asome jina pia hakutoshi usipomwambia jina litakuwa la namna gani. Kwenye masoko yetu, wauzaji wengi hujulikana kwa jina la mtoto wao au kwa kile wanachouza, ilhali wengi wa wadogo wamesajili namba zao kwa majina ya kwenye kitambulisho cha Taifa. Mnunuzi anayemjua muuzaji wake kama mama fulani kwa miaka mingi huona skrini imeleta majina matatu kwa herufi kubwa, hakuna hata moja analolijua, na anashtuka. Wapo wanaoghairi muamala ulio sahihi, na wapo wanaozoea kupita jina wasilolijua, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu siku wakikosea tarakimu moja wataona pia jina wasilolijua na watapita vilevile. Ndiyo maana neno "kwa sauti" lipo. Mnunuzi hana namna ya kulikagua jina peke yake. Anayeweza kulikagua ni muuzaji aliye mbele yake, na sekunde tatu za kulisoma zinatosha.

Kusoma huko kwa sauti kunakamata pia udanganyifu ambao mnunuzi hawezi kuuona kwa macho, wa mtu kubandika karatasi yenye namba yake juu ya namba halali ya muuzaji. Bango linaonekana la kawaida, namba imeandikwa vizuri, na kama ni msimbo wa kupigwa picha, kama ule wa TANQR, hakuna jicho linaloweza kuutofautisha na mwingine. Jina linalotokea kwenye skrini ndilo pekee linalosema pesa inakwenda kwa nani. Sote tumeshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi wanajua namba zilizotuma ujumbe huo zinaripotiwa 15040, lakini wanaolitazama jina baada ya kuingiza namba bado ni wachache.

Slaidi ya tano ni ya namba ya siri, na hapa nina msimamo usio na nafasi ya mjadala: mazoezi yasimwombe mtu namba yake ya siri kamwe, hata kama haihifadhiwi wala haitumwi popote. Ukimzoeza mtu kuandika tarakimu zake nne kwenye mchoro unaofanana na skrini halisi, umemfundisha kuziandika popote panapofanana na skrini halisi, na hilo ndilo jambo ambalo matapeli wanalihitaji kutoka kwake. Kwa hiyo mchoro unaonyesha vitone vinne vilivyokwisha kujazwa, vitufe vya tarakimu vimefifizwa na havipokei mguso, na kilicho hai ni kitufe cha "Lipa" peke yake. Wala pasionekane tarakimu za mfano. Ukiandika 1234 kwenye mchoro, wapo watakaoichukulia kuwa ndiyo inayotakiwa, na wapo watakaokwenda kuibadilisha namba yao iwe hiyo ili walingane na maelekezo.

Mtayarishaji wa slaidi atakutana na jambo dogo la kiufundi hapa. Kwenye simu za Androidi, skrini ya namba ya siri mara nyingi imefungwa isipigwe picha, na ukijaribu kuipiga hupati kitu au unapata kioo cheusi. Usiombe wahandisi waufungue ulinzi huo ili upate picha ya slaidi. Ichore upya kwa mkono. Itakuwa safi zaidi, na itakulazimu ufikirie nini kionekane na nini kisionekane. Maneno ya slaidi ni haya: "Andika namba yako ya siri wewe mwenyewe, kisha bonyeza Lipa. Usimpe muuzaji simu yako akuandikie." Sentensi ya mwisho nimeiweka kwa ajili ya wazee, ambao mara nyingi hukabidhi simu na kuitaja namba ya siri mbele ya watu kwa nia njema kabisa, na muuzaji huipokea simu kwa nia njema vilevile.

Slaidi ya sita inaonyesha stakabadhi, lakini ninaitumia zaidi kueleza kile kinachotokea stakabadhi isipokuja. Mtandao hukatika. Mtu ameshaandika namba ya siri, kioo kinazunguka, kisha kinaleta ujumbe kwamba muamala unashughulikiwa au kwamba muunganisho umepotea. Katika hali hiyo muamala unaweza kuwa umekamilika upande wa mfumo ingawa simu haijapata jibu. Mnunuzi asiyelijua hilo hulipa tena, na dakika chache baadaye muuzaji anapokea jumbe mbili za shilingi 16,000 kila mmoja. Kwa kawaida mfumo hautambui kuwa ni kosa, kwa kuwa watu hununua mara mbili kwa muuzaji mmoja kila siku.

Mguso wa slaidi hii basi ni wa sehemu ya "Miamala", na sentensi yake ni: "Ujumbe usipokuja, usilipe tena. Bonyeza Miamala uone kama malipo yamepita." Mtu akibonyeza anaona mstari mmoja wa mfano wenye kiasi, saa na neno "Yamekamilika". Hapohapo ninaongeza mstari mfupi wa kumsubiri muuzaji apate ujumbe wake, kwa sababu wauzaji wameshatapeliwa kwa jumbe za kughushi zinazoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi, na wengi wao sasa hawaachii mzigo mpaka simu yao wenyewe ilie. Mnunuzi mpya akielezwa hivyo kabla, hatachukulia kusubirishwa kama dharau. Utepe wa mazoezi unabaki juu, na kitufe cha kufunga mlolongo kimeandikwa "Funga mazoezi", wala hakikuandikwa "Maliza", ambalo mtu anaweza kulisoma kama kumaliza malipo.

Baada ya slaidi kuandikwa, kuna ukaguzi ambao hauwezi kufanyika kwenye kompyuta ya ofisini. Chukua simu ya bei ndogo yenye kioo cha inchi tano, ongeza ukubwa wa maandishi hadi mwisho, kwa sababu watu wengi wa umri wa wazazi wetu wanaitumia simu hivyo, kisha pitia slaidi zote. Sentensi iliyokaa vizuri katika mistari miwili itakuwa mistari mitano, na kitu cha kwanza kusukumwa nje ya kioo ni kitufe cha chini, yaani kilekile unachofundisha kibonyezwe. Maneno yetu ni marefu. "Thibitisha" ikikuzwa hukatika ikabaki "Thibiti…" na nukta zake. Kitufe kiwe na urefu na upana usiopungua milimita tisa hivi, maandishi yasiwe sehemu ya picha bali yaandikwe juu yake na programu yenyewe, ili yakue pamoja na mipangilio ya simu na yaweze kusomwa kwa sauti na TalkBack kwa asiyeona. Picha isiyobeba maandishi huwa nyepesi pia, na mtu anayeishi kwa bando la siku ataushukuru wepesi huo.

Kila slaidi iwe na neno "Ruka" linaloonekana waziwazi. Anayelijua jambo asishikiliwe, na aliye mbele ya muuzaji asilazimishwe kusoma. Lakini kuruka kusimfanye aipoteze kabisa, maana watu wengi huruka kwa sababu wana haraka, wala si kwa sababu wanajua. Weka alama ndogo ya kuuliza kwenye kona ya skrini ya Lipa Namba, na ikiguswa ifungue slaidi inayohusu hatua aliyopo mtu wakati huo. Aliyekwama kwenye jina aletewe slaidi ya nne moja kwa moja; asirudishwe mwanzo.

Kuhusu kupima, idadi ya waliofika slaidi ya sita hainiambii mengi, kwa kuwa mtu anaweza kugonga mara sita bila kusoma neno. Ninachokiangalia ni malipo yenyewe. Wale waliopitia slaidi wanakaa muda gani kwenye skrini ya jina kabla ya kuthibitisha? Wangapi wanaghairi pale na kurekebisha namba? Wangapi wanalipa kiasi kilekile kwa muuzaji yuleyule ndani ya dakika mbili? Muda kwenye skrini ya jina ukiwa chini ya sekunde moja, slaidi ya nne haijafanya kazi hata kama kila mtu ameimaliza, na hapo ninarudi kuibadilisha kabla ya kugusa nyingine yoyote.

La mwisho ni la wahandisi zaidi kuliko waandishi. Mlolongo huu unaharibika siku kitufe kimoja cha programu kinapobadilishwa jina au kuhamishwa bila slaidi kuguswa, na kwa kawaida anayebadilisha hajui kwamba slaidi zipo. Jina la kitufe liandikwe mahali pamoja tu kwenye faili ya maneno, na skrini halisi na slaidi vyote viwili vilisome kutoka hapo, hivi:

```
<string name="btn_lipa_namba">Lipa Namba</string>
<string name="slaidi_1">Bonyeza %1$s.</string>
```

Kwa mpangilio huo, mradi programu iweke btn_lipa_namba mahali pa %1$s inapoonyesha slaidi, jina la kitufe likibadilika slaidi nayo inabadilika. Mahali pa kitufe hapabadiliki yenyewe kwenye mchoro, kwa hiyo kwenye orodha ya ukaguzi wa kila toleo jipya kuwe na mtu mmoja aliyepewa jukumu la kufungua Lipa Namba kwenye simu moja na slaidi kwenye simu nyingine, aziweke sambamba na kubonyeza zote mbili hatua kwa hatua kabla toleo halijatoka.